Shilingi Ngapi kwa Kilomita: IST au Noah Hadi Moshi?

Desemba ikikaribia, Magomeni yetu huanza kupungua watu. Wenye asili ya Kilimanjaro waliojenga maisha yao hapa mjini, wengi wao wakiwa na maduka Kariakoo, hufunga mizigo na kupanda kwenda nyumbani, na katika kila nyumba yenye zaidi ya gari moja la kuchagua linaulizwa swali lile lile: twende na lipi?

Swali la safari hii nimeulizwa na jirani yangu, muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo. Yeye ana Toyota IST ya sisi 1300. Shemeji yake ana Noah ya sisi 2000 na amejitolea kumwazima.

"Kaka," akaniambia, "shemeji kanipa Noah bure, niweke mafuta tu. Lakini kila ninayemwuliza ananitisha, eti Noah inakula."

Nikamwuliza, "Na IST yako inakula kiasi gani?"

"Kidogo tu, kaka. Naweka ya elfu kumi, nazunguka nayo."

Jibu hilo lingetolewa na wenye magari wengi wa jiji hili, na ndilo linalonifanya nikae na jambo hili jioni ya leo. Tunanunua mafuta kwa shilingi, ya elfu kumi leo, ya elfu tano kesho, na hatuandiki kilomita. Mtu anaweza kumiliki gari miaka mitano asijue linakwenda kilomita ngapi kwa lita moja. Anachokijua ni sifa tu: IST haili, Noah inakula. Sifa haizidishwi wala haigawanywi, kwa hiyo haiwezi kukuambia utoe shilingi ngapi mfukoni kutoka hapa Mapipa mpaka Moshi.

Namba ipo, na kuipata ni kazi ya safari moja. Unaingia sheli, gari limesimama sehemu tambarare, unamwambia mhudumu ajaze fulu tanki. Pampu ikijikata yenyewe, aishie hapo. Asiendelee kubonyeza ili afikishe hesabu ya shilingi isiyo na chenji, kwa sababu mafuta yale ya ziada yanaingia kwenye shingo ya tanki na hutajua ni kiasi gani. Kisha unashika kile kitufe cha kwenye dashibodi, unairudisha TRIP A kwenye sifuri. Gari ambalo kitufe kimekufa, andika kilomita zote kwenye risiti yenyewe. Unasafiri. Ukirudi unaingia sheli ile ile, pampu ile ile ikiwezekana, gari limeelekea upande ule ule, unajaza tena mpaka pampu ijikate. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo ulizotumia. Gawa kilomita kwa lita hizo.

Safari yenyewe iwe ndefu kidogo. Pampu haijikati mahali pale pale kila mara. Povu likipanda haraka inajikata mapema, na tofauti ya nusu lita ni ya kawaida. Ukienda Bagamoyo na kurudi, kilomita kama 130, IST itakuwa imetumia lita tisa hivi, na nusu lita katika lita tisa inaipotosha hesabu yako kwa zaidi ya asilimia tano. Ukienda Morogoro na kurudi, kilomita kama 380, umetumia lita ishirini na kitu, na nusu lita ile ile haifiki hata asilimia mbili. Geji ya dashibodi usiitegemee kabisa kwa kazi hii. Mshale hushuka polepole mwanzoni kisha hukimbia tanki likifika nusu, kwa kuwa tanki lina umbo lake na boya la ndani halipimi kila lita sawa.

Jirani yangu alikuwa na mzigo wa kupeleka Morogoro. Akajaza, akaenda, akarudi, akajaza tena: kilomita 384, lita 25 na robo tatu. Ukigawa unapata kumi na tano kasoro kidogo. Noah ya shemeji, kwa kipimo hicho hicho, ikatoa kumi kasoro kidogo. Kwa urahisi wa hesabu zetu za hewani tuseme 15 na 10.

Kuna msikilizaji atasema kwamba kipeperushi cha gari lake kinaonyesha namba kubwa kuliko hizo. Ni kweli. Magari mengi tunayoyatumia hapa yametumika kwanza Japani, na yale ya miaka ya 2000 yalipimwa kwa kipimo cha Kijapani kilichoitwa 10·15, ambacho baadaye kiliachwa. Gari lilikuwa linawekwa juu ya mitambo ndani ya maabara, linaendeshwa kwa dakika kumi na moja, umbali wa kilomita nne hivi, na mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa kilomita 70 kwa saa. Hapakuwa na keria juu, wala magunia nyuma, wala mlima wa kupanda. Namba ile ilifaa kulinganisha gari na gari dukani kwao. Kupangia bajeti ya Moshi haifai.

Sasa tuibadilishe namba yetu iwe pesa, na hapa ndipo ningependa msikilizaji achukue kalamu. Chukua bei ya lita moja, igawe kwa kilomita ambazo gari linakwenda kwa lita hiyo. Kinachotoka ni shilingi kwa kilomita. Lita tuiweke shilingi 3,000, namba nyepesi, utaibadilisha kwa bei ya mwezi wako. IST: 3,000 gawa kwa 15, shilingi 200 kwa kilomita. Noah: 3,000 gawa kwa 10, shilingi 300 kwa kilomita. Ukishakuwa na namba hizo mbili, kilichobaki ni kuzidisha.

Kutoka hapa Magomeni kwenda Moshi kwa Chalinze, Segera, Korogwe na Same ni kilomita kama 560. Kwenda na kurudi, 1,120. Ongeza 80 za kuzunguka kule, maana hakuna anayefika nyumbani akaliegesha gari mpaka siku ya kurudi: kuna kanisani, kuna sokoni, kuna kwa shangazi. Jumla 1,200. IST itataka shilingi 240,000. Noah itataka 360,000. Tofauti ni 120,000.

Ungeishia hapo, ungesema IST imeshinda. Lakini jirani yangu anasafiri na mkewe, mama mkwe, mdogo wa mkewe na watoto watatu waliokwisha kuwa wakubwa. Jumla ni watu saba. IST ni ya watu watano pamoja na dereva. Wawili lazima wapande basi, na nauli yao ni sehemu ya gharama ya kuchagua IST, ingawa haimiminwi kwenye tanki. Tuseme nauli ni 35,000 kwa mtu kwa safari moja. Wawili, kwenda na kurudi, ni 140,000. IST na nauli imefika 380,000, na Noah bado iko 360,000. Noah, ile inayokula, imeshinda kwa shilingi 20,000, na mama mkwe hajaachwa kituo cha mabasi.

Wangekuwa sita, anapanda basi mmoja tu, nauli 70,000, na IST inarudi mbele: 310,000 dhidi ya 360,000. Wakiwa watano au pungufu hakuna hata haja ya kulinganisha. Mpaka wenyewe, basi, uko kati ya mtu wa sita na wa saba, na unasogea kufuatana na nauli. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ikiwa chini ya ile tofauti ya 120,000, yaani chini ya 30,000 kwa mtu kwa safari moja, IST inashinda hata kwa watu saba. Kwa hiyo ulizia nauli kabla ya kuomba ufunguo wa shemeji, na uulizie ya Desemba.

Namba ya Noah nayo iangaliwe kwa jicho la pili, kwa sababu ilipimwa ikiwa na dereva na abiria mmoja. Ikibeba watu saba na mabegi juu ya keria, itakula zaidi. Katika barabara kuu kinachoumiza hasa ni ile keria iliyojaa, maana upepo unaogonga mizigo unaongezeka haraka sana kadiri mwendo unavyopanda. Mtu anayekwenda 80 na mtu anayekwenda 110 hawatumii mafuta sawa hata wakiwa na magari pacha. Barabara ya kaskazini ina vijiji mfululizo, hamsini, matuta, askari na tochi, kisha dereva anakanyaga mpaka kijiji kinachofuata. Kukanyaga kule baada ya kila tuta ndiko kunakokula, na aliyetulia anaona tofauti kwenye risiti. Halafu Moshi iko juu, mita 800 hivi kutoka usawa wa bahari tunapoishi sisi. Usishtuke kuona gari limekula zaidi wakati wa kwenda kuliko wakati wa kurudi. Mimi ningeikadiria Noah iliyojaa kwa kilomita 9 kwa lita badala ya 10. Hapo inafika shilingi 400,000, na ule ushindi wake wa 20,000 umegeuka kuwa upungufu wa 20,000. Nilimwambia jirani hivyo hivyo: kwa watu saba magari haya yanakaribiana mno kwa pesa, kwa hiyo amua kwa jambo lingine. Yeye ameamua familia isafiri pamoja, na mabegi mawili makubwa yatangulie kwa basi ili keria ibaki tupu. Naona ameamua vizuri.

Na bei ya lita je? Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kila mji una yake kwa sababu ya usafiri wa kuyafikisha. Anayeondoka katikati ya Desemba na kurudi katikati ya Januari ananunua mafuta kwa bei za miezi miwili, na mafuta ya kurudia atayanunua kwa bei ya Moshi, ambako mafuta yamesafirishwa mbali kutoka bandarini. Kujaza tanki hapa kabla ya kuondoka ni jambo la maana. Bei kikomo maana yake ni kwamba sheli hairuhusiwi kuuza juu yake, lakini chini yake inaruhusiwa, na ndiyo maana unakuta sheli mbili zinatofautiana kwa shilingi kumi au ishirini. Wapo wanaovuka mji kuzifuata hizo ishirini. Ukinunua lita 40 umeokoa shilingi 800. Ukizifuata kilomita nne kwenda na nne kurudi katika foleni, kwa IST ya shilingi 300 kwa kilomita, umechoma 2,400.

Nimesema 300 kwa gari ambalo dakika chache zilizopita tulilihesabu kwa 200, na sijakosea. IST ile ile inayokwenda kilomita 15 kwa lita njia ya Morogoro, ukiileta hapa, asubuhi, Mapipa kwenda Kariakoo, injini ikiwa bado ya baridi, imesimama taa za Fire, kipupwe kinanguruma, inaweza kushuka hadi 10. Noah inashuka hadi 6. Sasa hapa kuna mtego wa hesabu ambao nimeuona ukiwanasa hata wahasibu. Tofauti ya 15 na 10 ni tano. Tofauti ya 10 na 6 ni nne. Mtu anaona magari yamekaribiana mjini kuliko barabara kuu. Badilisha iwe pesa: barabara kuu ni 200 na 300, tofauti shilingi 100 kwa kilomita. Mjini ni 300 na 500, tofauti shilingi 200. Pengo limekuwa mara mbili. Kilomita kwa lita inapokuwa ndogo, kila kilomita moja inayopungua ni ghali zaidi, ndiyo maana nasisitiza tuhesabu shilingi kwa kilomita, ambazo zinajumlishika.

Kilomita kwa lita hazijumlishiki wala kugawanywa kati kirahisi. Ukiendesha kilomita 300 barabara kuu kwa 15, na 300 mjini kwa 10, wastani wako si 12 na nusu. Umetumia lita 20 kule na lita 30 huku, jumla 50, kwa kilomita 600. Wastani ni 12 kamili.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayokusaidia kama moja ya magari ni la dizeli. Usilinganishe lita na lita, wala bei na bei. Hiace ya dizeli inayokwenda kilomita 11 kwa lita ya shilingi 2,900 inatumia shilingi 264 kwa kilomita, basi hiyo iweke kando ya 200 na 300 zetu. Lakini usiikariri kwamba dizeli siku zote ni rahisi. Oktoba 2023, hapa Dar es Salaam, bei kikomo ya dizeli ilikuwa juu ya ile ya petroli, na waliokuwa wamenunua gari kwa kuitegemea dizeli walilisikia.

Kuna jambo la kununua, maana wapo wanaonisikiliza ambao hawaazimwi gari, wanakwenda yadi. Gari linalokula kidogo mara nyingi linauzwa ghali zaidi, kwa kuwa kila mtu analitaka. Tuseme tofauti ya bei kati ya gari mbili zenye tabia ya hizi zetu ni shilingi milioni nne. Gawa milioni nne kwa zile shilingi unazookoa kwa kila kilomita. Mtu wa barabara kuu anaokoa 100, anahitaji kilomita 40,000 kabla ile milioni nne haijarudi. Akiendesha kilomita 1,000 kwa mwezi, ni miaka mitatu na miezi minne. Kijana wa teksi mtandao anayezunguka mjini kilomita 100 kwa siku anaokoa 200 kwa kilomita, anahitaji kilomita 20,000, yaani siku 200 za kazi. Gari lile lile, bei ile ile. Kwa huyu wa teksi ni ununuzi wa akili, kwa yule anayelitoa Jumapili tu kwenda kanisani pesa ile isingerudi kwa miaka mingi, na ingefaa matairi na bima. Nimejionea watu wakikopa ili wapate gari lisilokula, wakati kilomita zao za mwezi hazifiki mia tatu.

Ukishaijua namba ya gari lako, inakufanyia kazi nyingine: inakuambia gari likiugua. IST iliyokuwa 15 barabara ile ile, dereva yule yule, ikashuka hadi 12, ina kitu. Anza na upepo wa matairi, upime asubuhi yakiwa ya baridi. Kisha endesha kidogo bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu. Iliyo ya moto kuliko wenzake, breki yake inashika. Halafu kuna thamostati. Mafundi wengi wa hapa mjini huitoa gari likichemsha mara moja tu, wakasema huku kwetu joto, haihitajiki. Inahitajika. Bila hiyo injini haifiki joto lake la kazi, na kompyuta ya gari, ikidhani bado ni baridi, inaendelea kumimina mafuta mengi. Utaiona kwenye magari yenye taa ya bluu ya baridi: taa inachelewa kuzimika, au imezimika mjini ikarudi kuwaka ukiwa njiani umeachia mwendo. Mwulize fundi wako kama ipo. Akisema aliitoa, mwambie airudishe, na kama gari lilikuwa linachemsha, atafute kilichokuwa kinalichemsha.

Nimetumia shilingi 3,000 jioni hii kwa sababu inagawanyika vizuri. Ya kwako, kwa mji wako na mwezi huu, ipo kwenye simu yako ya mkononi: piga *152*00#, fuata maelekezo mpaka kwenye bei za mafuta, andika bei hiyo pembeni ya kilomita zako, ugawe.